Ndakala, Milimita na Mistari Mitatu

Kila mwisho wa mwaka wa masomo hapa Uvira, madai yaleyale huzunguka kati ya wanafunzi wanaohamisha matokeo yao kutoka Excel kwenda kwenye TFC. Nitayapinga kwa mfano mmoja. Tuseme umepima ndakala 40 waliovuliwa Kalundu na 40 wa Makobola, kila mmoja kwenye ubao wenye alama za milimita. Tarakimu nimezitunga mwenyewe, ila hesabu yake ni ya kweli. Excel inakupa wastani wa 71.375 kwa Kalundu na 68.15 kwa Makobola; mkengeuko wa kawaida ni 6.48346 na 7.91315.

Wanasema: tarakimu zikiwa nyingi, usahihi unaongezeka. Hapana. Ubao wako haukuona sehemu ya elfu ya milimita, kwa hiyo jedwali lisijifanye limeiona. Kwa vipimo vilivyochukuliwa kwa namba nzima, APA inataka wastani na mkengeuko viandikwe kwa desimali moja: 71.4 na 68.2, 6.5 na 7.9.

Hapo ndipo linapozaliwa dai la pili, ambalo naliona la hatari zaidi: basi tukate tarakimu kwanza, halafu tukokotoe. Tujaribu. Ukitumia namba kamili, tofauti kati ya pwani hizi mbili ni milimita 3.225. Kosa sanifu la tofauti hiyo ni 1.6175, hivyo *t* inakuwa 1.99 na *p* inakuwa .0497. Sasa mwanafunzi mwingine amezungusha mapema kwa kutumia ARRONDI: wastani 71 na 68, mkengeuko 6 na 8. Tofauti yake ni 3, *t* yake ni 1.90, na *p* yake imepanda hadi .06. Samaki ni walewale, lakini huyu ataandika kwamba hakuna tofauti ya maana, na mwenzake ataandika kwamba ipo. Kwa hiyo acha namba kamili ndani ya seli, ubadilishe mwonekano tu kwa kitufe cha « Réduire les décimales ». Ukinakili kwenda Word, kinachohama ni kile kinachoonekana, nayo faili ya Excel inabaki nzima kwa hesabu zijazo.

Kuhusu koma, wengi wanaamini kwamba APA inakataza koma ya Kifaransa. APA imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho hutumia nukta. Kwa maoni yangu, TFC ya Kifaransa ibaki na koma, mradi iwe hivyo katika kazi nzima. Madhara halisi yako kwingine: ukiandika 71,4 kwenye kompyuta iliyowekewa nukta, Excel inaichukua kama maandishi. Utaitambua kwa sababu inaegemea kushoto mwa seli badala ya kulia, na wastani wa safu kama hiyo unatoa `#DIV/0!`.

Wengine hudhani kwamba kufuta mistari ya wima kunatosha. Mistari ya mlalo nayo huwa imezidi, kwa sababu « Toutes les bordures » ilibonyezwa siku nyingi zilizopita. Ndani ya Word chagua jedwali lote, weka « Aucune bordure », kisha rudisha mistari mitatu tu: juu ya vichwa vya safu, chini ya vichwa hivyo, na mwisho wa jedwali. Namba ya jedwali huandikwa kwa herufi nzito, na jina lake kwa italiki katika mstari unaofuata.

```
Jedwali 1
Urefu wa Ndakala Katika Pwani Mbili
──────────────────────────────
Pwani        n      M     SD
──────────────────────────────
Kalundu     40   71.4    6.5
Makobola    40   68.2    7.9
──────────────────────────────
Maelezo. Urefu ni kwa milimita.
M = wastani; SD = mkengeuko wa
kawaida. t(78) = 1.99, p = .050.
```

Limebaki dai kwamba maelezo ya chini ni pambo, na kwamba nyota inatosha. Bila maelezo hayo, msomaji hajui 71.4 ni milimita au nini. Yakiwa ya aina tatu, mpangilio ni huu: kwanza ya jumla, kisha ya seli maalumu yenye herufi ndogo a, b, c zilizoinuliwa, mwisho ya nyota. Nayo nyota moja hutolewa sawasawa kwa .0497 na kwa .012, ingawa ya kwanza imegusa mpaka kabisa. Ndiyo maana nimeandika *p* yenyewe. Sifuri ya mbele haipo kwa sababu *p* haiwezi kuzidi 1. Lakini urefu wa sentimita 0.45 ungebaki na sifuri yake. Na programu ikikuonyesha 0.000, usiinakili hivyo: imeishia kwenye desimali tatu, haikupata sifuri. Andika *p* < .001.