Usiguse ruta ya mbali kabla ya kuitegea saa

Ukiwa Nairobi na ruta ya mteja iko Kisumu, amri moja mbaya inaweza kukugharimu safari ya zaidi ya kilomita 300, na mara nyingi nauli ni yako. Maoni yangu ni haya: kama ruta ina njia ya kujirudisha yenyewe, hakuna fundi anayefaa kuigusa kutoka mbali bila kuitumia kwanza, hata awe mjuzi vipi.

Tuseme ni ruta ya Cisco, na mteja anataka watu wa nje wafikie tovuti yake tu. Unaandika orodha ya ruhusa, unafungua poti 443 ya tovuti, kisha unaiweka upande wa intaneti. Umesahau poti 22, ile unayoingilia wewe mwenyewe. Mwisho wa kila orodha ya Cisco kuna sheria isiyoonekana: kisichoruhusiwa kinazuiwa. Unabonyeza Enter, skrini inaganda. Umejifungia nje.

Sasa anza hivi, kabla ya kubadilisha chochote:

```
write memory
reload in 10
```

Amri ya kwanza inahifadhi mipangilio iliyo sawa. Ya pili inaiambia ruta ijizime na kujiwasha baada ya dakika 10. Ukijifungia nje, subiri tu. Ruta ikiwaka itasoma mipangilio iliyohifadhiwa, ambayo haina ile orodha, nawe utaingia tena.

Mambo yakienda sawa, usishangilie mapema. Fungua dirisha jipya na uingie upya, kwa sababu dirisha la zamani kuendelea kufanya kazi si ushahidi kwamba mlango uko wazi. Ukiingia, ndipo useme:

```
reload cancel
write memory
```

Wengi huharibu hapa. Wanahifadhi mabadiliko kabla ya kuyajaribu, kwa hivyo ruta ikiwaka inarudi na kosa lilelile. Wengine wanasahau kufuta saa, na ofisi nzima inapoteza mtandao mchana kweupe. Kama una shaka, `show reload` itakuonyesha muda uliobaki.

Najua mtasema, “Lakini kuzima ruta kunakata watu wote!” Ni kweli, kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana kazi hii ifanywe usiku. Tena dakika hizo ni afadhali kuliko siku nzima ukiwa barabarani.

Kwenye Juniper hata kisingizio hicho hakipo. Ukiandika `commit confirmed 5`, mabadiliko yanaanza kazi mara moja, na usipothibitisha kwa `commit` ndani ya dakika 5, mipangilio ya awali inarudi bila ruta kuzimwa.

Na wewe bosi unayetuma vijana site, acha kuuliza nani alikosea. Uliza kama saa ilitegwa.