Shangazi na Karatasi ya Pili

Wiki hii ukumbi huu wa jamaa tunamwachia shangazi yetu, aliyehitimu kidato cha nne akiwa na umri wa miaka 63. Tumemwomba ruhusa, naye ametukubalia kwa sharti moja: tusimwandike kama kwamba alianza kujua kusoma jana.

Sharti hilo ni la haki. Shangazi alihitimu chuoni utotoni, na barua zake kwa ndugu zake wa Lamu aliziandika kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Kilichomkosa ni cheti. Miaka mingi alifundisha watoto wadogo mtaani, hata siku alipoambiwa kuwa asiye na cheti hataendelea. Ndipo akajiunga na masomo ya jioni ya watu wazima. Akaupita kwanza mtihani wa darasa la nane, uliofanywa kwa mara ya mwisho nchini mwaka 2023, kisha akajiandaa kwa ule wa kidato cha nne, yaani KCSE, kama mtahiniwa wa kibinafsi mwenye masomo saba.

Wengi tulidhani Kiswahili kitakuwa mteremko kwake. Sivyo ilivyokuwa. Shangazi ni Mmvita. Husema ndia, nti, mtele na mato. Shuleni hutakiwa njia, nchi, mchele na macho, kwa kuwa Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kufuatia mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928. Insha yake ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu. Hakukasirika. Alimwambia mwalimu wake, kijana wa rika la wanawe: "Mwanangu, maneno haya si makosa, ni ya kwetu. Nionyeshe tu ya mtihani ni yapi." Tangu siku hiyo akawa na daftari la safu mbili, upande mmoja ya nyumbani, upande wa pili ya karatasi.

Karatasi ya pili, ile ya lugha yenye alama 80, ndiyo iliyomtaabisha zaidi. Arobaini kati ya hizo ni za matumizi ya lugha, na humo mna ngeli. Shangazi hajakosea upatanisho wa sarufi maishani mwake, lakini alipoulizwa neno "ukuta" li katika ngeli gani, alinyamaza. Dawa aliigundua mwenyewe. Alitunga sentensi mbili na kuisikiliza ile sauti inayoshika kitenzi: ukuta umeanguka, kuta zimeanguka. Basi ni U-ZI. Mkeka umechakaa, mikeka imechakaa. Basi ni U-I. Sikio lake likawa ndilo kitabu chake.

Ufupisho ulikuwa mgumu kuliko ngeli, kwani mtu aliyelelewa kwenye hadithi huona kukata maneno ni kukata adabu. Katika zoezi moja juu ya mikoko aliandika: "Watu wa pwani, wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume, wamekuwa tangu zamani wakikata mikoko kwa ajili ya kujengea nyumba zao na pia kwa kuchomea chokaa." Hayo ni maneno 25, na swali zima lilitaka 60. Mwalimu alimwelekeza aulize kila neno: ukiondoka, hoja itabaki? "Wazee kwa vijana" ikaondoka, na "tangu zamani" ikafuata. Iliyobaki ni hii: "Wapwani hukata mikoko kujengea nyumba na kuchomea chokaa." Maneno manane, na hoja zote mbili zimo. Akatucheka: "Kumbe mtihani hautaki mgeni akae, wataka aseme haja yake aende."

Matokeo yalipotoka, Kiswahili kilimpa B, hisabati ikamwachia D, na wastani wake ukawa C. Hiyo D haifichi. Husema hesabu za dukani anaziweza kichwani, ila zile za herufi alikutana nazo akiwa amechelewa, na muda haukutosha.

Kwa wenye wazee wanaosoma nyumbani, shangazi ametuachia ujumbe. Hakuhitaji kupigiwa makofi kila alipofungua kitabu. Alichohitaji ni meza isiyo na vyombo baada ya Isha, taa nzuri kwa macho yake, na mtu wa kumsahihishia bila kumhurumia. Mara moja mpwa wake alimpa alama asizostahili, naye akamrudishia daftari lisahihishwe upya.

Sasa cheti anacho, na ameomba nafasi ya mafunzo ya ualimu wa watoto wadogo. Lile daftari la safu mbili hakulitupa. Anasema wanafunzi wake watalihitaji, kwa kuwa nao huja shuleni wakisema ndia.