Piko ni ya nywele, si ya ngozi

Hapa Ndagoni, kama pwani yote, maharusi hupakwa piko. Piko si hina. Ni rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini.

Nchi za Ulaya huiruhusu kwenye nywele tu: isizidi gramu 2 katika gramu 100 za rangi iliyochanganywa. Kwenye ngozi ni marufuku.

Wataalamu hutafuta kwanza kiasi kisichodhuru wanyama. Kinachoingia mwilini mwa mtu lazima kiwe chini ya hapo mara 100. Lakini mwili ukishaikataa kemikali hii, hata kidogo hudhuru. Maua ya piko huwasha, huvimba na kutoa malengelenge.

Mimi nasema, bibi harusi apakwe hina tupu. Aliyekwisha kuvimba asitie tena hata nywele.