Picha ya kadi haitoshi, andika tarehe

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tuna picha ya kadi ya kliniki ya mtoto wa nyumbani kwenye simu. Ulipigiwa, "Tutunzie hii," ukaipokea, basi. Mimi nilikuwa na ya mpwa wangu wa Ushirombo. Aprili 2025 simu yangu ikaibiwa kwenye daladala, na picha ikaenda nayo. Maoni yangu ni kwamba hata isingeibiwa, ile picha haikuwa inatusaidia chochote. Nilikaa nayo miezi na sikuwahi kuisoma.

Dada yangu anatumia kitochi, na picha ya kwanza alipigiwa na jirani. Safari hii nikamwambia, "Dada, chukua kadi, niandikie meseji: jina la chanjo, tarehe, na mahali ilipotolewa." Akajibu, "Mdogo wangu, nawe unapenda kazi!" Lakini jioni zikaingia meseji tatu. Nilizipanga hivi:

Kuzaliwa: 3/3/2024
BCG, Polio 0: 4/3/2024
Polio 1, Penta 1, PCV 1, Rota 1: 16/4/2024
Polio 2, Penta 2, PCV 2, Rota 2: 14/5/2024
Polio 3, Penta 3, PCV 3: 11/6/2024
Surua-Rubella 1: 5/12/2024

Sasa toa tarehe kwa tarehe. Ratiba yetu inataka chanjo za kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18. Wiki 6 ni siku 42, kwa hiyo kuanzia 3 Machi unafika 14 Aprili. Yeye alichanjwa tarehe 16, sawa. Kati ya dozi na dozi zisipungue wiki 4. Kutoka 16 Aprili hadi 14 Mei ni siku 28 kamili, sawa. Kutoka 14 Mei hadi 11 Juni ni siku 28 tena. Mahesabu yamenyooka.

Ila kuna kitu kilinikera. Katika wiki ya 14 mtoto hupata pia polio ya sindano, IPV, siku ileile ya Penta 3. Kwenye orodha ya dada haikuwepo. Nikapiga simu.

"Dada, hiyo 11/6 imeandikwa wapi? Mbele ya jina la chanjo au kwenye tarehe ya kurudi?"

Kimya kidogo. "Ya kurudi. Imeandikwa kwa penseli."

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Juni ile walikuwa wamehamia machimboni upande wa Mbogwe kumfuata shemeji. Siku ya kurudi ikapita. Desemba huduma ya mkoba ikafika karibu na kambi, mtoto akachomwa ya surua, na hakuna aliyeangalia mistari ya nyuma. Kadi ikaonekana imejaa. Kumbe Polio 3, Penta 3, PCV 3 na IPV hazikutolewa. Mtoto alikuwa na miezi 13, na ulinzi wake dhidi ya kifaduro, pepopunda na dondakoo ulikuwa na dozi mbili badala ya tatu.

Dada akaogopa kwamba wataanza upya. Hapana. Dozi iliyotolewa haifutiki kwa sababu ya kuchelewa. Unaendelea pale ulipoishia. Alirudi kliniki na kadi mkononi, muuguzi akaisoma mwenyewe na mtoto akapewa zilizobaki. Safari hii tarehe zikaandikwa kwa wino. Iliyofuata ilikuwa Surua-Rubella ya pili, akifikisha miezi 18, yaani 3 Septemba 2025.

Najua kuna watakaosema meseji yangu si hati. Ni kweli. Kadi ndiyo kumbukumbu, na mwenye kuamua nini kichomwe ni muuguzi, si mwanachuo mwenye kikokotoo. Ndiyo maana nasisitiza kuandika na jina la kituo. Kadi ikilowa au ikipotea, kuna rejista kituoni, na mtu akiijua tarehe na kituo, muuguzi anajua afungue ukurasa upi. Bila hivyo, kwa familia inayohama kutoka kambi moja hadi nyingine, atafungua rejista ya wapi?

Picha inakupa raha ya kudhani umetunza. Kuandika kunakulazimisha kusoma kila mstari, na penseli huionei aibu kuiuliza. Kwa hiyo jioni hii, kabla bando halijaisha, mpigie dada au shangazi yako. Muombe akusomee kadi mstari kwa mstari, wewe uandike. Kwa kila tarehe muulize swali moja tu: hii ni ya kuchanjwa au ya kurudi?