Sufuria ya enameli ikibanduka, kinachoonekana ni chuma au ni hatari?

Mama mmoja mkazi wa Peramiho, wilayani Songea, alikuja na mtoto wa miezi tisa aliyekuwa anaendelea vizuri baada ya kuharisha. Tulipomaliza habari za mtoto, alifungua kanga na kutoa sufuria. Ilikuwa ya enameli, nyeupe ndani, yenye ukingo wa bluu, na inaingia lita nne hivi. Ndani, karibu na kitako, palibanduka sehemu yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na pembeni yake palikuwa na rangi ya kutu.

"Dokta, mama mkwe anasema niitupe maana kutu inaleta pepopunda. Mume wangu anasema ina madini, inaongeza damu. Mimi ndiyo napikia uji wa mtoto na togwa naihifadhia humo. Nimsikilize nani?"

Swali hili linastahili kujibiwa wakati huu. Tangu Serikali ilipozindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo 2034, kaya nyingi zinaingiza majiko ya gesi jikoni. Moshi unapungua, na hiyo ni faida kubwa kwa mapafu ya mama na mtoto. Lakini sufuria ni zilezile za zamani. Moto wa gesi ukifunguliwa wote chini ya sufuria isiyo na kitu, au maji baridi yakimwagwa kwenye chombo cha enameli kilichochemka hadi kukauka, tabaka la juu hupata nyufa na baadaye hubanduka.

Ili kuelewa ni kwa nini, inabidi kujua chombo hiki kimetengenezwaje. Enameli si rangi ya kupaka. Ni kioo. Kiwandani huchukua karatasi ya chuma iliyokwisha kuundwa sufuria au bakuli, huifunika kwa unga wa kioo uliochanganywa na maji, kisha huichoma kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi. Unga huyeyuka na kushikamana na chuma. Ndiyo maana chombo kizima cha enameli hakishiki harufu, hakina kutu na hakigeuzi ladha ya ndimu wala nyanya. Chakula kinagusa kioo tu. Na kwa kuwa ni kioo, hakipendi kudondoshwa, kugongwa na mwiko wa chuma, kusuguliwa kwa mchanga au stilwaya, wala kubadilishiwa joto ghafla.

Tabaka mara nyingi ni mawili. La kwanza, linaloshika chuma, huwa la bluu iliyoiva au jeusi. La pili ndilo lile jeupe tunaloliona. Kwa hiyo doa jeusi halimaanishi kila mara kwamba chuma kiko wazi. Huenda umepoteza tabaka la juu tu na la chini bado lipo. Kipimo chake ni rahisi. Osha chombo, lowanisha sehemu iliyobanduka na uiache na unyevu usiku kucha. Asubuhi ukikuta rangi ya kahawia, chuma kimefikiwa. Ukikuta doa liko vilevile, jeusi na linang'aa, kioo cha chini bado kinakilinda chuma.

Sumaku nayo husaidia, hata ile ndogo inayotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Ikinata kwenye sufuria, ujue ndani ni chuma. Isiponata, chombo hicho huenda ni alumini iliyopakwa rangi, na maelezo ya leo hayakihusu moja kwa moja.

Turudi kwa mama wa Peramiho. Sumaku ilinata, na kutu ilikuwepo. Je, chuma hicho kinamdhuru mtoto?

Kwa chuma chenyewe, jibu ni hapana. Kutu ni chuma kilichoungana na hewa ya oksijeni, na tumbo hunyonya kidogo sana kutoka humo. Pepopunda haiji kwa kula chakula kilichogusa kutu. Inaletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, ambao huingia mwilini kupitia jeraha, hasa lenye kina au lenye uchafu. Mama mkwe amekosea sababu, ingawa tutaona kwamba ushauri wake wa kuiondoa sufuria hiyo una mantiki.

Baba naye ana nusu ya ukweli. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Ethiopia, ambapo watoto waliolishwa chakula kilichopikwa kwenye vyungu vya chuma walipata nafuu ya upungufu wa damu kuliko waliopikiwa kwenye alumini. Lakini kule chungu kizima kilikuwa chuma, na chakula kiligusa chuma kila upande. Hapa tunazungumzia doa la ukubwa wa ukucha. Kiasi kinachotoka ni kidogo mno kumtibu mtoto mwenye upungufu wa damu. Kama kiganja cha mwanao kimepauka au anachoka haraka, mpeleke akapimwe damu. Usitegemee sufuria iliyobanduka.

Wagonjwa wa selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara wanaweza kulimbikiza chuma mwilini. Doa dogo haliwaletei tatizo kubwa, lakini wasianze kutafuta vyungu vya chuma kwa ajili ya "kuongeza damu" bila kuzungumza na daktari wao.

Dalili moja ya chuma kuingia kwenye chakula huwatisha watu bure. Chai nzito ikikaa kwenye birika lililobanduka hugeuka nyeusi kama wino. Ile ni tanini ya majani ya chai imekutana na chuma. Haina sumu, ila inaonyesha kwamba chuma kinatoka, na ladha itakuwa na ukakasi.

Hatari halisi zipo mbili, na hakuna hata moja inayotokana na kutu.

Ya kwanza ni vipande vya kioo. Mahali palipobanduka, kingo za enameli hubaki bila msaada. Kutu ikiendelea kuingia chini yake huinua kioo na kukifanya kimeguke kidogo kidogo, na vipande hivyo huenda kwenye uji. Chukua kitambaa chakavu cha pamba, ukipitishe taratibu kuzunguka kingo za doa. Nyuzi zikinasa, au ukiona chembe zinazong'aa kwenye kitambaa, chombo hicho kimekwisha kazi ya kupikia. Ukikuta doa leo ni kubwa kuliko la wiki iliyopita na hujui kipande kimekwenda wapi, mwaga chakula kilichokuwemo. Mtoto akimeza chembe ndogo, mara nyingi hutoka na choo bila madhara. Usimtapishe. Mwahishe hospitali akitema damu, akishindwa kumeza, akitapika, akilia kwa maumivu ya tumbo au akipata choo cheusi au chenye damu.

Hatari ya pili ni rangi. Vyombo vya zamani, hasa vyenye nyekundu, machungwa au njano iliyokolea, vinaweza kuwa na kadimiamu au risasi ndani ya kioo chake. Risasi ninayoisema hapa ni ile metali nzito, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huathiri ubongo unaokua, na mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Rangi ikiwa nje ya sufuria, mbali na chakula, si tatizo. Ikiwa ndani, au kwenye ukingo wa kikombe unaoguswa na midomo, na tayari imekwaruzika, usikitumie kwa chakula.

Asidi huongeza mambo yote haya. Ndimu, ukwaju, nyanya, maziwa ya mgando na togwa huvuta metali kutoka kwenye kioo kilichochakaa na kutoka kwenye chuma kilicho wazi. Muda nao unahesabika. Kuchemsha ugali kwa nusu saa si sawa na kuacha togwa ikichacha humo usiku kucha na mchana wake. Kwa sababu hiyo, katika nyumba ya mama yule, uji ulinipa wasiwasi kidogo na togwa ikanipa wasiwasi zaidi.

Tulipitisha kitambaa pamoja. Nyuzi zilinasa upande mmoja na chembe mbili zikabaki juu yake. Nikamwambia sufuria hiyo isipikiwe tena chakula. Ichemshie maji ya kuogea. Togwa ihamie kwenye chungu cha udongo kisicho na rangi ya kung'aa au kwenye chombo cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula.

Kama kitambaa kingepita bila kunasa, na doa lingekuwa dogo na halikui, ningemruhusu aendelee kupikia ugali, maharage na kuchemshia maji, mradi akiosha akaushe mara moja na asilaze chakula humo. Na kama sehemu iliyobanduka ingekuwa nje tu, au kwenye mpini, ningemwambia apike bila wasiwasi.

Aliuliza tena: "Na fundi akiniziba?" Hapana. Rangi na gundi havikutengenezwa kukaa kwenye chakula cha moto. Lehemu ya mafundi wengi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mara nyingi ina risasi. Utakuwa umeondoa doa la chuma lisilo na madhara makubwa na kuweka sumu mahali pake.

Kuna tahadhari pia kwa anayekwenda sokoni kutafuta sufuria mpya. Utafiti uliochapishwa 2017 ulipima vyombo vya alumini 42 kutoka nchi kumi, Tanzania na Kenya zikiwemo, vingi vikiwa vya kuyeyusha vyuma chakavu. Takriban theluthi moja vilitoa risasi kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Kwa hiyo usibadilishe enameli yenye doa dogo kwa sufuria nzito ya alumini iliyosubuliwa mtaani, ukidhani umejiokoa. Sufuria ya chuma cha pua, hata nyembamba, ni chaguo bora. Ukinunua enameli mpya, chagua nyeupe ndani, isiyo na maua wala michoro upande wa chakula, na uangalie alama ya ubora ya TBS.

Kama umekuwa ukimpikia mwanao vyakula vichachu kwa miezi mingi kwenye chombo chenye rangi kali ndani iliyobanduka, mweleze daktari jambo hilo waziwazi. Nenda na chombo chenyewe, kama alivyofanya mama wa Peramiho. Risasi mwilini hujulikana kwa kupima damu, na hatua ya kwanza ya tiba ni kuondoa kinachoiingiza.