Ukimya wa Anayeandikiwa

Wako wahakiki wanaoshikilia kwamba riwaya ya mapenzi ya barua hutuweka karibu na mhusika kwa kuwa barua ni siri, na msomaji hupewa nafasi ya kuichungulia. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Kinachozaa ukaribu, na taharuki pamoja nao, ni ukimya wa anayeandikiwa zaidi ya siri ya anayeandika.

Itazamwe riwaya ya Jean Webster, Daddy-Long-Legs, iliyotoka Marekani mwaka 1912. Yatima Jerusha Abbott, ajiitaye Judy, analipiwa chuo na mfadhili asiyejitambulisha, kwa sharti la kumwandikia barua kila mwezi. Mfadhili hajibu. Judy amekiona kivuli chake tu, kirefu cha miguu. Kwa kuwa hajibiwi, hulazimika kumbuni msomaji wake: humtania, humgombeza, kisha humwomba radhi. Msichana asiye na jamaa anajitengenezea jamaa kwa kalamu. Lau angejibiwa, angeandika kwa kujipima.

Taharuki nayo yatokana na ukimya huo huo. Judy anapoalikwa kambini na akina McBride, karani wa mfadhili anamwandikia aende shambani Lock Willow. Yeye huona amri isiyo na sababu. Baadaye Jervis Pendleton, ami wa mwanafunzi mwenzake, anafika shambani huko huko, na msomaji makini huanza kuunusa wivu wa mtu amwogopaye kijana Jimmie McBride. Kilele ni pale Judy anapoikataa posa ya Jervis kwa kuona haya ya uyatima wake, kisha akamwandikia mfadhili kumweleza jinsi anavyompenda aliyemkataa. Barua imefika kwa mwenyewe bila mwandishi kujua.

Filamu ya mwaka 1955, aliyoicheza Fred Astaire, inamwonyesha mfadhili tangu mwanzo. Mtazamaji hana tena la kukisia. Anabaki kungoja lini msichana atajua. Waliodhani barua ni ganda tu la hadithi na waitazame: ganda limebanduliwa, na kiini kimekwenda nalo.

Hata hivyo, wanaoisifu riwaya hii kwa utamu wake hawana budi kulikabili deni lake. Anayenyamaza ndiye anayelipa ada. Anasoma moyo wa msichana kwa miaka minne ilhali wake ameufunga, na anautumia ujuzi huo kumpangia likizo. Judy hakuwa na njia ya kuyagundua hayo, na muundo wa barua za upande mmoja ndio uliomziba macho. Mhakiki auitaye ukaribu huo mapenzi matupu amesoma barua zote akasahau kuuliza ni nani aliyezipokea.