Mkataba wa chakula cha kuku unaojihuisha wenyewe: peleka notisi kwanza, mazungumzo baadaye

Msimamo wangu leo wengine hamtaupenda: ukiwa na mkataba wa mwaka na msambazaji wa chakula, na ndani yake kuna kifungu cha kujihuisha, mpelekee notisi ya kutohuisha hata kama unampenda na hata kama chakula chake ni kizuri. Ukishapeleka, ndipo mkae mzungumze mwaka unaofuata.

Kifungu chenyewe huwa kifupi. Mara nyingi hakina kichwa cha habari kinachokustua. Kinakaa chini ya "Muda wa Mkataba", au mwishoni kabisa kwenye "Mengineyo", au kwenye karatasi ya masharti ya jumla ambayo hukupewa siku ya kusaini ila mkataba unasema ni sehemu yake. Kinasomeka hivi: mkataba utadumu miezi 12 na utahuishwa kwa miezi 12 mingine, isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya maandishi si chini ya siku 60 wala zaidi ya siku 90 kabla ya tarehe ya kumalizika. Ukiwa wa Kiingereza na Kiingereza chako ni cha kuombea maji, mtafute mtu akusomee sehemu hiyo neno kwa neno kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Tuchukue mkataba wa kijana mmoja mfugaji wa kuku wa mayai, mkoani Pwani. Alikuwa na kuku 2,000. Kuku wa mayai anakula takriban gramu 120 kwa siku, kwa hiyo banda lake lilikuwa linamaliza kilo 240 kila siku, ambazo kwa mwezi ni mifuko 144 ya kilo 50. Akakubali kununua angalau mifuko 140 kila mwezi. Kwa idadi ile ya kuku hakukuwa na shida. Kifungu kingine kilisema kwamba kila mfuko pungufu ya hapo atalipia asilimia 20 ya bei yake.

Alisaini tarehe 12 Februari 2025. Mzigo wa kwanza ulifika 14 Machi. Lakini mkataba ulisema unaanza kutumika 1 Machi 2025, na hiyo ndiyo tarehe ya kuhesabia, siyo siku uliyosaini wala siku gari liliposhusha. Miezi 12 inaisha 28 Februari 2026. Sasa hesabu kurudi nyuma kwa siku, usihesabu kwa miezi. Siku 90 nyuma ni 30 Novemba 2025. Siku 60 nyuma ni 30 Desemba 2025. Huo ndio mlango wake: unafunguliwa 30 Novemba, unafungwa 30 Desemba. Ukibisha kabla, haihesabiki. Ukibisha baada, umeshaingia mwaka mwingine.

Na tazama unafungwa lini. Mwaka ule 30 Novemba ilikuwa Jumapili. Krismasi ikawa Alhamisi, Ijumaa sikukuu, kisha wikiendi. Zikabaki siku mbili tu za kazi, Jumatatu na Jumanne, wakati nusu ya ofisi iko mikoani kwao. Na mkataba ulisema notisi inahesabika siku *ilipopokelewa* ofisini, siyo siku ilipotumwa. Kwa hiyo kwa mtu mwenye akili zake, siku ya mwisho haikuwa 30 Desemba. Ilikuwa kama tarehe 12.

Kijana huyu hakulala. Mwezi Oktoba alimwandikia afisa mauzo kwa wasap kwamba mwakani hataendelea, akajibiwa kwa kidole gumba. Akaona yameisha. Kumbe ujumbe ule ulikosea mara mbili: ulitumwa kabla mlango haujafunguliwa, na haukuwa barua kwa ofisi iliyotajwa kwenye mkataba. Afisa mauzo ni mtu mwema, lakini siye anayepokea notisi.

Mwezi Machi 2026 kuku wake walikuwa wamechoka kutaga, akawauza. Mnunuzi wake wa mayai alikuwa amepunguza oda, hivyo akaweka mitetea 1,000 tu inayokaribia kutaga. Kuku 1,000 wakishashika kasi wanakula mifuko 72 kwa mwezi. Inapungua 68. Kwa bei ya 70,000 kwa mfuko, asilimia 20 ni 14,000, na mara 68 ni shilingi 952,000 kila mwezi kwa chakula ambacho hakikushuka shambani. Na kumbuka, aliyehuishiwa ni muda na idadi ya mifuko. Bei haikufungwa: mkataba ulisema "bei itakayokuwa inatumika". Mnunuzi amefungwa, muuzaji yuko huru.

Mtaniambia kuna sheria. Ni kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaipa mahakama nafasi ya kutoa fidia inayofaa, isiyozidi kiasi kilichoandikwa, badala ya kukupa tu ile faini kama ilivyo. Lakini wakili, nauli na miezi ya kusubiri si vitu vya mfugaji mwenye kuku 1,000.

Ndiyo maana nasema notisi iende kila mwaka, wiki ya kwanza mlango unapofunguliwa. Wapo wanaosema huko ni kumtukana msambazaji. Mimi sikubali. Yeye ameandika kifungu kinachomlinda. Wewe unakitumia kama kilivyoandikwa. Barua ni sentensi mbili: kwamba kwa mujibu wa kifungu namba fulani hutahuisha mkataba wa tarehe fulani baada ya kumalizika tarehe fulani, na kwamba uko tayari kuzungumza masharti mapya. Peleka nakala mbili ofisini kwao, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Kama mkataba unaruhusu barua pepe, tuma kwa anwani iliyotajwa humo na si nyingine.

Tarehe za chanjo ya mdondo na gumboro mnabandika ukutani stoo na hamkosi. Mbandike na hii. Andika siku mlango unapofunguliwa, na wiki mbili kabla yake. Siku ya mwisho usiiandike kabisa, maana ukiiona utaisubiri.

Bora zaidi ni kukibadilisha kabla ya kusaini. Omba baada ya mwaka wa kwanza mkataba uendelee mwezi kwa mwezi, kwa notisi ya siku 30. Akikataa, omba angalau kile kikomo cha "si zaidi ya siku 90" kifutwe, ili uweze kutoa notisi hata siku ya pili baada ya kusaini. Hicho hakimgharimu chochote, na akikikataa pia, mimi ningemuuliza kwa nini.

Kwa aliyekwisha kufungwa, nenda kazungumze kiwango, usizungumze kuvunja. Kijana wetu alikubali kulipa taslimu badala ya mkopo wa siku 14, akashushiwa kutoka mifuko 140 hadi 90, kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote. Bado anapungukiwa mifuko 18, yaani 252,000 kwa mwezi. Mlango wake unaofuata unafunguliwa 30 Novemba 2026, siku ya Jumatatu, na barua tayari ameshaiandika.